Kwa Nini Aliyepotea Huzunguka: Mazungumzo na Waongoza Watalii na Waokoaji wa Mlimani

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmelikuta kazini. Mtu anapotea msituni au kwenye ukungu. Anatembea saa mbili, saa tatu, na moyoni hana shaka kwamba anasonga mbele. Halafu anaona nyayo kwenye tope, anainama kuzitazama, anakuta ni za viatu vyake mwenyewe. Ukimpata jioni na kumuuliza alipita wapi, atakuonyesha kwa mkono mstari ulionyooka kama kamba, na atakuapia kabisa.

Vijijini kwetu jambo hili lina maelezo yake. Wapo wanaosema amezungushwa na shetani wa mahali. Sitawacheka, kwa sababu wameona jambo la kweli na wamelitafutia chanzo. Maelezo yanayonisumbua zaidi ni yale tunayopeana sisi kwenye mafunzo: kwamba kila binadamu ana mguu mmoja mrefu au wenye nguvu kuliko mwenzake, hatua ya upande huo inazidi, basi mtu anapinda polepole kuelekea upande wa pili. Nimeyasikia yakifundishwa kwa uhakika mkubwa. Hatari yake ni kwamba aliyeyaamini akipotea atasema, "Mimi huwa navutwa kushoto, ngoja nijirekebishe kidogo kulia," na hapo anaongeza kosa juu ya kosa.

Tulitazame hilo la mguu kwa akili ya kawaida. Mguu wako mrefu leo ndio uliokuwa mrefu jana. Kama huo ndio ungekuwa chanzo, kila ukifungwa macho na kuambiwa utembee mbele, ungepinda upande uleule daima, na mduara wako ungekuwa na ukubwa uleule, leo, kesho na mwakani. Hili linaweza kupimwa, na lilipimwa.

Waliolipima vizuri kuliko wote ni Jan Souman na Marc Ernst pamoja na wenzao, katika Taasisi ya Max Planck iliyopo mji wa Tübingen, Ujerumani. Matokeo yao yalitoka mwaka 2009. Kabla yao walikuwepo wengine. Mmarekani Asa Schaeffer mwaka 1928 aliandika juu ya watu waliofungwa macho na kutembea kwa mizunguko kama ya konokono, akadhani viumbe wote wana kitu ndani yao kinachowazungusha. Lakini Souman na wenzake walikuwa na chombo ambacho Schaeffer hakuwa nacho, yaani kifaa cha setilaiti kinachorekodi mahali mtu alipo kwa saa nyingi mfululizo. Kwa mara ya kwanza njia yote ya mtembeaji ilichorwa kwenye ramani, na hakukuwa na haja ya kutegemea kumbukumbu zake.

Walianzia kwenye msitu wa Bienwald, kusini magharibi mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Ufaransa. Waliuchagua kwa sababu ni mkubwa na ni tambarare. Nawaomba mlishike hilo la tambarare, nitalirudia. Watu sita waliambiwa jambo moja tu: tembeeni moja kwa moja, msipinde. Wakatembea kwa saa kadhaa.

Wanne kati yao walitembea siku ya mawingu, jua halionekani. Wote wanne walizunguka. Watatu wakakata njia yao wenyewe zaidi ya mara moja, na hawakujua kwamba wamepita pale. Hawa hawakuwa wamefungwa macho. Walikuwa wanaona miti, majani, ardhi, kila kitu. Mchana ulikuwa mweupe. Lakini mti unafanana na mti, na kuona peke yake hakukuwasaidia.

Wawili waliobaki walitembea jua likiwepo. Njia zao kwenye ramani zimenyooka karibu kabisa, isipokuwa kwenye dakika 15 za mwanzo, jua lilipokuwa bado nyuma ya mawingu. Msitu uleule na agizo lilelile, tofauti ni lile jua tu.

Wakaenda jangwani, Sahara, upande wa kusini wa Tunisia. Huko walitembea watu watatu. Wawili walitembea mchana. Walipinda hapa na pale, lakini hawakuzunguka. Wa tatu alitembea usiku wa mbalamwezi. Mwezi ulipokuwa unaonekana alikwenda vizuri. Mwezi ulipoingia nyuma ya mawingu akageuka kwa kona kali mara kadhaa, mpaka mwishoni akawa anaelekea kulekule alikotoka. Hakukuwa na mti wa kumzuia wala mto wa kumpindisha.

Sasa turudi kwenye mguu. Ili kulipima hilo, watafiti waliwachukua watu 15, wakawafunga macho, wakawatembeza kwenye uwanja mpana wa ndege. Hapa ndipo jambo lilipodhihirika. Watu walizunguka kwa miduara midogo ajabu, mingine chini ya mita 20 kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini wengi wao hawakuwa na upande. Mtu yuleyule aliyekwenda kulia, baadaye kidogo alikwenda kushoto, kisha akanyooka, kisha akaanza kuzunguka tena. Wachache tu walikuwa na tabia ya kupinda upande mmoja mara kwa mara. Mguu mrefu hauhami kutoka kulia kwenda kushoto ndani ya dakika kumi, kwa hiyo hauwezi kuwa maelezo ya wanadamu kwa jumla.

Basi ni nini?

Kila mmoja wetu ana hisia ya "mbele". Ukifumba macho hapo ulipokaa, unajua mbele yako ni wapi. Hisia hiyo haitoki kwenye kiungo kimoja. Ubongo unaijenga kwa kukusanya taarifa kutoka kwenye sikio la ndani linalohisi mzunguko, kwenye misuli na viungo vya miguu, kwenye shingo na kiuno, na kwenye amri ambazo ubongo wenyewe umeituma miguu. Kila taarifa ina makosa madogo, kwa sababu hakuna kiungo cha mwili kinachofanya kazi bila kuyumba kidogo. Kosa la hatua moja halina maana. Tatizo ni kwamba hisia ya "mbele" ya hatua hii imejengwa juu ya ile ya hatua iliyotangulia, kwa hiyo makosa yanabebwa na kulimbikizana.

Fikirini mizani ya dukani ambayo sindano yake imehama kutoka kwenye sifuri. Muuza duka anaweza kuwa mwaminifu kabisa na mkono wake ukawa makini, na bado kila kilo itakuwa na kasoro ileile, upande uleule, mpaka mtu airudishe sindano mahali pake. Hisia yetu ya mbele ni hivyo. Sifuri yake inahama polepole, mara kulia mara kushoto. Ikihamia kulia na kutulia huko kwa muda, mtembeaji anapinda kulia kila hatua huku akihisi amenyooka. Na mtu anayepinda kwa kiasi kilekile kila hatua, upande uleule, njia yake ni mduara. Baadaye sifuri ikihamia kushoto, mduara unageuka. Ndiyo maana michoro ya wale watu wa uwanja wa ndege inaonekana kama uzi ulioanguka sakafuni: vitanzi vya kulia, vitanzi vya kushoto, na vipande vilivyonyooka katikati.

Jua, mwezi, mlima wa mbali, sauti ya maporomoko upande mmoja, hivi ndivyo vinavyorudisha sindano kwenye sifuri. Jicho linakamata kitu kisichosogea pamoja na mtu, ubongo unagundua umepotoka, unajisahihisha, na wala mtu hatambui kwamba amesahihishwa. Jambo linalonivutia sana ni kwamba jua lenyewe linahama, nyuzi 15 za anga kila saa, na wale watembeaji wawili wa Bienwald walitembea kwa saa kadhaa bila kulifuata. Kwa namna fulani walikuwa wakiuondoa mwendo wake kwenye hesabu.

Wengine mtaniuliza, mtu anawezaje kuzunguka mduara mzima asihisi? Tupige hesabu, ni fupi. Chukueni hatua ya sentimita 70. Mduara wa kipenyo cha mita 20 una mzingo wa mita 63 hivi, sawa na hatua 90. Nyuzi 360 ukizigawa kwa hatua 90 unapata nyuzi 4 kwa hatua. Hizo ni chache, lakini mtu mwenye macho wazi pengine angezihisi. Sasa chukueni mduara wa kipenyo cha kilomita moja, unaomrudisha mtu kwenye nyayo zake baada ya kutembea kama kilomita tatu. Hapo kuna hatua karibu 4,500, na kila hatua inapinda chini ya sehemu moja ya kumi ya uzi mmoja. Hakuna binadamu anayeweza kuhisi hilo kwa mguu wala kwa kiuno.

Sikio la ndani nalo halisaidii. Lina mirija mitatu iliyopinda, yenye majimaji, na majimaji hayo husukuma vinyweleo pale kichwa kinapoanza kugeuka. Ni chombo kizuri cha kugundua mgeuko wa ghafla. Lakini mgeuko ukiwa wa taratibu na wa kuendelea, majimaji yanaanza kwenda sawa na mrija, na baada ya nusu dakika hivi hisia inakufa. Kwa mwendo wa kawaida, ule mduara wa kilomita moja unachukua kama dakika 40, na hakuna mgeuko wa kasi hiyo utakaoamsha mirija ile. Marubani wanalijua jambo hili vizuri. Wakiingia ndani ya wingu hufundishwa kuamini vyombo vilivyo mbele yao hata mwili ukisema vingine, kwa sababu ndege inaweza kuwa inageuka na kushuka huku rubani anahisi yuko sawa.

Sasa tuje mlimani kwetu. Kwenye nyanda za Shira, Kilimanjaro, juu ya mita 3,500, mnajua mchana mawingu yanavyopanda. Unakuwa na mawe, nyasi, vichaka, halafu ukungu unafunga na huoni mita 30. Mahali kama pale ni uwanja wa ndege wenye mawe. Mtalii aliyetoka njiani kwenda haja, akakosa njia kwa mita 20, hatembei kurudi. Anaweza kuanza kuzunguka ndani ya dakika chache. Mnaposikia wenzenu wakisema, "Lakini alikuwa karibu hapa, tulipita," mjue ni jambo la kutarajia. Kwa wale waliofungwa macho, watafiti waliona kwamba kwa wastani hawakuvuka mita 100 hivi kutoka walipoanzia, hata muda wa kutembea ulipozidi. Saa za kutembea hazikugeuka kuwa umbali.

Hilo lina maana kubwa katika kutafuta. Mtu akipotea saa tatu zilizopita, hesabu ya haraka inakuambia saa tatu mara kilomita nne, yuko kilomita 12, na unatuma watu mbali. Mahali tambarare penye ukungu hesabu hiyo inadanganya. Anzeni karibu na mahali alipoonekana mara ya mwisho, mjipange vizuri, na mpite tena pale mlipokwisha kupita, kwa sababu yeye naye anatembea na anaweza kuingia eneo mlilolifunga nusu saa iliyopita.

Lakini nimesema nitarudi kwenye neno tambarare, na hapa naomba tuwe waangalifu. Bienwald ni tambarare. Uwanja wa ndege ni tambarare. Penye mteremko miguu inapata taarifa nyingine kabisa, kwa sababu mwinuko unahisiwa hata gizani. Mtu kwenye mteremko mkali wa msituni huwa anashuka, anaingia korongoni, anafuata maji, na anaweza kwenda mbali sana. Kwa hiyo msichukue zile mita 100 mkazifanya kanuni ya kila mahali. Waliopimwa walikuwa wachache, sita msituni, watatu jangwani, 15 uwanjani, na zile mita 100 ni za watu waliofungwa macho. Ninachowaambia ni hiki: kabla hamjapanga msako, ulizeni ardhi pale ikoje na anga ilikuwaje saa alipopotea. Kama ni bonde na mteremko, fikirini maji yanaelekea wapi. Kama ni tambarare na mawingu, fikirini karibu.

Na wewe mwenyewe ukijikuta umefungwa na ukungu ufanye nini? La kwanza ni kusimama. Kila hatua unayopiga bila alama ya nje inaongeza kosa, na mtu aliyesimama haongezi kitu. Kama lazima usogee, usiuamini mwili. Tumia vitu vilivyosimama. Tafuta vitu viwili mbele yako vilivyo kwenye mstari mmoja, jiwe na kichaka, au miti miwili. Tembea ukiwa umevipanga kimoja nyuma ya kingine. Kabla hujakifikia cha kwanza, tafuta cha tatu kilicho kwenye mstari wa viwili hivyo. Ukifika cha kwanza, geuka nyuma utazame ulikotoka uone kama mstari bado umenyooka. Kazi hii ni ya polepole na inachosha, na watu huiacha baada ya dakika kumi kwa kuhisi wameshajua mbele ni wapi. Hisia hiyo ndiyo iliyowazungusha wale wanne wa Bienwald.

Siri ya njia hii ni kwamba kosa lako kwenye jiwe hili halirithiwi na jiwe linalofuata kwa namna ile ya sindano iliyohama. Mara unakosea kidogo kulia, mara kidogo kushoto, na makosa yanapunguzana. Jinsi vitu unavyochagua vinavyokuwa mbali na wewe ndivyo kosa la kila kipande linavyokuwa dogo. Kwa hiyo ukungu ukipungua kidogo, tumia nafasi hiyo kuchagua alama ya mbali zaidi.

Mkiwa kundi, mnakuwa alama ninyi kwa ninyi. Watu watatu kwenye mstari, kila mmoja akimwona wa mbele yake kwa shida kidogo, na wa nyuma kabisa ndiye mwenye usukani. Yeye ndiye anayeona kama wawili wa mbele wamepishana, naye hupaza sauti: kulia kidogo, kushoto kidogo. Wa mbele asibishane naye. Wa mbele atahisi anapelekwa pembeni, atahisi hivyo kwa nguvu kabisa, na mara nyingi wa nyuma ndiye mwenye haki. Kama kuna dira, aishike wa nyuma.

Jua likiwepo lakini liko utosini, na sisi wa karibu na ikweta linatutokea hasa miezi ya Machi na Oktoba, saa sita mchana halikuonyeshi upande wowote. Tena katika muda huo linavuka upesi kutoka mashariki kwenda magharibi, na anayelifuata atageuka nalo. Subiri. Chomeka fimbo wima, weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, kaa dakika 20, weka kijiwe cha pili kwenye ncha mpya. Kijiwe cha kwanza ni magharibi, cha pili ni mashariki. Dakika hizo 20 pia zinampa mwenzako aliye nyuma nafasi ya kukufikia.

Najua kuna mtu hapa ndani bado anasema, "Mimi sipindi." Nimesikia hilo kwenye kila kundi, na maneno hayatoshi kumshawishi, kwa hiyo baada ya chai tutatoka hapo kwenye uwanja wa mpira. Tutafanya hivi. Mmoja atasimama katikati ya mstari wa goli, atafungwa macho kwa kitambaa kizito, na juu yake kofia iliyoshushwa ili joto la jua lisimwonyeshe upande. Ataambiwa aende goli la pili. Wengine wote mtatawanyika pande zote na kunyamaza kimya, kwa sababu sauti ya upande mmoja inamwongoza. Mwenzake mmoja atamfuata nyuma bila kumgusa, na atamzuia akifika kwenye mtaro. Kila baada ya hatua 20 mwenzake ataangusha kijiwe.

Kutoka katikati ya goli hadi mstari wa pembeni ni kama mita 34. Mtu anayekwenda kwenye mduara wa kipenyo cha mita 100 ataukanyaga mstari wa pembeni kabla hajafika katikati ya uwanja. Tutamrudisha aanze tena bila kumfungua macho na bila kumwambia alipinda upande gani, mara tatu kwa kila mtu, na kila safari tutatumia vijiwe vya alama tofauti. Nawaomba mvitazame kwa makini vijiwe vya mtu mmoja kwenye safari zake tatu, muone kama vinapinda upande mmoja. Watu wawili wajitolee kuandika, na anayesema hapindi aanze.